VWAP isipokubaliana na soko, au na VWAP nyingine: dalili, sababu na marekebisho

VWAP ni bei ya wastani iliyopimwa kwa ujazo wa biashara. Chukua fedha zote zilizolipwa kununua hisa fulani tangu hesabu ilipoanza, gawanya kwa idadi ya hisa zote zilizouzwa katika muda huo. Aliyenunua gunia moja la mahindi kwa shilingi 100,000 na mengine tisa kwa 90,000 kila moja, wastani wake ni 91,000, si 95,000, kwa sababu yale tisa yana uzito zaidi. Hesabu yenyewe ni hiyo tu, na ndiyo maana inapokupa jibu la ajabu kosa huwa halimo kwenye kugawanya. Huwa limo katika moja ya mambo matatu: hesabu imeanzia wapi, ujazo wa nani umehesabiwa, na kila mshumaa, yaani kila kipande cha muda kwenye chati, umewakilishwa na bei gani.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, tengeneza karatasi moja ya hesabu kwenye kompyuta. Itakusaidia kuliko chati yoyote, maana utaona kila hatua. Safu A iwe saa, B bei ya juu, C bei ya chini, D bei ya kufunga mshumaa, E ujazo. Kisha F2 na G2 ziwe hivi, uzivute hadi chini:

```
F2:  =(B2+C2+D2)/3*E2
G2:  =SUM(F$2:F2)/SUM(E$2:E2)
```

G ndiyo VWAP. Sasa, ukitaka VWAP ya nanga, ile ambayo wewe mwenyewe unachagua inapoanzia, tuseme mstari wa 40 wa karatasi, unaandika hivi:

```
G40: =SUM(F$40:F40)/SUM(E$40:E40)
```

Tofauti yote ya aina hizi mbili imo kwenye ile namba baada ya alama ya dola. VWAP ya kawaida hurudi mwanzo kila soko linapofunguliwa: asubuhi ya pili namba ile lazima ihamie mstari wa kwanza wa siku mpya. VWAP ya nanga hairudi. Inaendelea kujumlisha siku ya pili, ya tatu, mwezi mzima, hadi utakapoiondoa. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatambua kwa macho.

Hisa moja, siku moja, lakini chati mbili zinaonyesha VWAP tofauti

Anza na saa. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa 9:30 asubuhi kwa saa za huko na kufungwa 16:00, ila biashara ya kielektroniki huendelea kabla na baada ya muda huo. Chati iliyowashwa kipengele cha saa za ziada inaweza kuanza kujumlisha tangu alfajiri; iliyozimwa huanza 9:30. Siku ya kawaida tofauti ni ndogo, kwa sababu ujazo wa alfajiri ni mdogo. Siku kampuni inapotoa matokeo yake ya robo mwaka, hisa milioni nzima zinaweza kuuzwa kabla ya kengele ya kufungua soko kwa bei ya mbali na ile ya mchana, na mistari miwili itaachana siku nzima.

Kuna tatizo la saa linalotukamata sisi tunaotazama soko hilo kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Sisi hatubadilishi saa. Marekani hubadilisha, Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kipindi cha kiangazi chao soko hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwetu, yaani 16:30 kwenye chati ya saa za Afrika Mashariki. Kipindi cha baridi hufunguliwa 17:30. Ukiwa na karatasi au programu iliyofungwa kuanza 16:30 daima, ikifika Novemba itameza saa nzima ya biashara ya kabla ya soko. Dalili yake ni ya wazi: mstari ulikuwa ukilingana na wa watu wengine hadi mwisho wa Oktoba, na ghafla haulingani tena ingawa hukugusa kitu. Dawa ni kufunga mwanzo kwenye saa za New York, si za kwako.

Kama saa ziko sawa na mistari bado haikutani, angalia ujazo. Hisa za Marekani huuzwa kwenye masoko mengi kwa wakati mmoja, na takwimu za bure kwenye majukwaa ya chati mara nyingi hutoka soko moja tu kati ya hayo. Utaligundua kwa kulinganisha ujazo wa jumla wa siku: ukiona chati moja inaonyesha hisa milioni 40 na nyingine milioni 3 kwa hisa ileile, hiyo ya pili inaona kipande tu. Bei zitakaribiana, lakini uzito wa kila dakika hautakuwa uleule, kwa hiyo wastani nao utapotoka kidogo. Kwa mtu anayetazama tu mwelekeo si janga. Kwa mtu anayetaka kupima kama dalali wake amemnunulia vizuri, hilo ni kosa la kurekebisha kabla ya mengine yote.

Kwenye chati ya siku, VWAP inang'ang'ania bei na kuruka kila mshumaa

Hii si hitilafu. VWAP ya kawaida huanza upya kila siku, na kwenye chati ya siku kila siku ni mshumaa mmoja. Kwa hiyo jumla ina kitu kimoja tu ndani yake: wastani wa bei ya juu, ya chini na ya kufunga ya mshumaa huohuo. Ujazo unajikata wenyewe juu na chini ya mgawanyo. Ukitaka kuona VWAP ya leo, shuka kwenye dakika moja au tano. Ukitaka mstari wenye maana kwenye chati ya siku, tumia ya nanga, au badilisha kipindi cha kuanzia kiwe wiki, mwezi au robo mwaka.

Asubuhi mstari ulikuwa hai, mchana hausogei

Tuseme hadi saa nane mchana hisa milioni 10 zimeuzwa kwa wastani wa dola 50. Zinakuja hisa 100,000 zote kwa dola 51. VWAP mpya ni 50.0099. Bei imepanda dola nzima, mstari umesogea chini ya senti moja. Hisa hizohizo 100,000 zingekuja dakika ya kwanza, zingekuwa ndizo VWAP yenyewe.

Maana yake ni kwamba VWAP ina kasi tofauti kwa nyakati tofauti za siku, na kuivuka asubuhi si sawa na kuivuka alasiri. Dakika kumi za mwanzo mstari unafuata bei kwa sababu hauna historia. Bei kuuvuka mara tano hapo hakusemi chochote. Alasiri mstari ni mzito, na bei ikitoka upande mmoja kwenda mwingine imebidi iuendee, si mstari kuifuata.

Kwa ile ya nanga uzito huu unazidi. Nanga ya miezi sita iliyopita imebeba ujazo wa miezi sita, na siku moja ya leo haiwezi kuisogeza kwa kiasi unachoweza kukiona. Mtu akilalamika kwamba nanga yake ya zamani "imekufa", hesabu iko sawa kabisa. Swali ni kama tukio lile la miezi sita iliyopita bado lina mtu yeyote anayelijali.

Bei iko juu ya VWAP ya leo lakini chini ya ile ya nanga: ipi inadanganya?

Hakuna inayodanganya, na hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, kwa sababu ndipo wengi hufuta mstari mmoja ili kuondoa mkanganyiko, na kwa kawaida hufuta uliokuwa na habari.

Chukua mfano huu wa kutengeneza. Kampuni imetoa matokeo mabaya usiku, na asubuhi hisa inafunguliwa ikiwa imeshuka. Siku ya kwanza zinauzwa hisa milioni 9 kwa wastani wa dola 104. Siku ya pili milioni 3 kwa wastani wa 101. Siku ya tatu milioni 2 kwa wastani wa 99, na jioni bei ni 99.40.

Anayetazama VWAP ya siku ya tatu pekee anaona 99, na bei juu yake kwa senti 40. Kwake siku imekuwa nzuri: mnunuzi wa wastani wa leo yuko kwenye faida ndogo. Sasa tia nanga kwenye mshumaa wa kwanza baada ya matokeo. Fedha: 9 mara 104 ni 936, 3 mara 101 ni 303, 2 mara 99 ni 198. Jumla ni dola milioni 1,437. Hisa ni milioni 14. Ukigawanya unapata 102.64. Mnunuzi wa wastani tangu matokeo yatoke amepoteza zaidi ya dola tatu kwa kila hisa, na wengi wao waliingia siku ile ya kwanza. Bei ikipanda kuelekea 102 na kitu, itakutana na watu waliosubiri siku tatu warudishe fedha zao. Mistari miwili inajibu maswali mawili: mmoja unauliza hali ya walionunua leo, mwingine hali ya walionunua tangu habari ilipobadilika.

Kuna kosa la hesabu linalojificha hapa. Mtu asiye na takwimu za dakika huchukua VWAP za siku tatu, 104, 101 na 99, akazijumlisha na kugawanya kwa tatu, akapata 101.33. Si sahihi. Siku ya kwanza ilikuwa na ujazo mara tatu ya siku ya pili, na wastani huo umeipa uzito sawa. Tofauti ya dola 1.31 inatosha kukufanya udhani bei imeshavuka mstari wakati bado. Ukiona VWAP yako ya nanga uliyoikokotoa kwa mkono haikubaliani na ya jukwaa, na siku ya nanga ilikuwa na ujazo mkubwa, shuku hili kwanza. Zidisha kila VWAP ya siku kwa ujazo wa siku hiyo ndipo ujumlishe.

Na je, nanga iwekwe kwenye kengele ya asubuhi au dakika habari ilipotoka usiku? Kama usiku ziliuzwa hisa milioni moja kwa wastani wa 110, kuzijumuisha kunaipeleka VWAP ya siku ya kwanza kutoka 104 hadi 104.60. Binafsi hutia nanga kwenye kengele, kwa sababu wanunuzi wakubwa wengi hufanya kazi ndani ya saa za kawaida. Mwingine anaweza kuchagua usiku na asikosee, mradi asibadilishe kila mara kutafuta mstari unaopendeza.

Kila nikitia nanga naona mstari "unafanya kazi"

Dalili hii inahitaji ukali. Ukiwa na chati ya mwaka mzima mbele yako, unaweza kujaribu nanga ishirini na kubakiza tatu ambazo bei iligusa ikageuka. Hizo tatu hazikuthibitisha kitu. Umezichagua kwa sababu ziligusa.

Kipimo ni kimoja: je, mahali pa nanga palijulikana wakati ule ule? Siku ya matokeo ilijulikana. Siku ya kwanza ya hisa kuuzwa sokoni ilijulikana. Tangazo la benki kuu lilijulikana dakika lilipotoka. Bei ya chini kabisa ya mwezi haikujulikana hadi soko lilipokuwa limeshapanda, kwa hiyo mstari unaoanzia hapo ni halali kuanzia siku ulipoweza kujua, si kuanzia siku unapoanzia kwenye chati. Ukijaribu mbinu kwa takwimu za zamani, usihesabu mguso wowote uliotokea kabla ya siku hiyo.

Nanga ni ileile, ila chati ya siku na ya dakika tano zinatoa namba tofauti

Umetia nanga kwenye siku ya bei ya chini kabisa. Asubuhi ya siku hiyo ziliuzwa hisa milioni 6 kwa wastani wa 52. Saa saba mchana bei ikagusa 47. Baada ya hapo zikauzwa milioni 4 kwa wastani wa 49. Bei ya juu ya siku ilikuwa 54, ya kufunga 50.

Kwenye chati ya dakika tano nanga inashika mshumaa wa saa saba wenyewe, na hadi jioni mstari uko 49.00. Kwenye chati ya siku haiwezekani kushika saa saba. Nanga inashika mshumaa mzima, pamoja na ujazo wote wa asubuhi uliotokea kabla ya bei ya chini, na inauwakilisha kwa wastani wa 54, 47 na 50, yaani 50.33. Angalia kwamba hata hiyo 50.33 si VWAP ya kweli ya siku. Ya kweli ni 50.80, kwa kuwa wastani wa bei tatu haujui hisa nyingi ziliuzwa wapi ndani ya mshumaa.

Siku inayofuata zikiuzwa milioni 10 kwa wastani wa 51, mstari wa dakika tano utakuwa 50.43 na wa siku kama 50.67. Pengo limeshuka kutoka 1.33 hadi takribani 0.24. Hivyo kwa nanga ya muda mrefu tofauti hufifia na waweza kuishi nayo. Kwa nanga ya jana au juzi, anzia kwenye chati ndogo.

Ninafanya forex au dhahabu, na VWAP yangu si ya mwenzangu

Biashara ya fedha za kigeni ya papo kwa papo haina soko moja linaloandika kila muamala. Ujazo unaouona kwenye jukwaa la broka wako ni hesabu ya mara ngapi bei imebadilika kwake, si kiasi cha fedha kilichobadilishwa duniani. Broka wawili wanaweza kuwa na hesabu mbili, na VWAP mbili, na hakuna ya tatu iliyo sahihi ya kuwapatanisha. Ukihitaji ujazo wa kweli, tazama mikataba ya baadaye inayouzwa Chicago na New York: 6E kwa yuro, GC kwa dhahabu. Hiyo ina ujazo uliorekodiwa kwenye soko moja. Kumbuka tu kwamba bei ya mkataba haiwi sawa kabisa na ya papo kwa papo, kwa hiyo usihamishe namba ya mstari kama ilivyo. Hamisha taarifa: bei iko juu au chini yake.

Fahirisi za hisa nazo, kama S&P 500 yenyewe, haziuzwi moja kwa moja. Jukwaa likikuandikia kwamba ujazo haupo, limesema kweli.

Dalali ameripoti amenunua karibu na VWAP, lakini naona nimelipa ghali

Huku ndiko VWAP ina kazi yake nzito kama kipimo. Mfuko wa pensheni ukitaka kununua hisa nyingi siku moja, unampa dalali amri, na jioni unalinganisha bei aliyopata na VWAP ya siku. Ripoti ikiwa nzuri na wewe hujaridhika, kuna sababu mbili za kuchunguza.

Ya kwanza ni kwamba bei ilipanda siku nzima. Ulipotoa amri asubuhi ilikuwa 30. VWAP ya siku ikaja 31.20, dalali akanunua kwa 31.15. Ameshinda kipimo kwa senti tano, nawe umelipa dola 1.15 zaidi ya bei uliyoiona ulipoamua. Vyote ni kweli. VWAP haipimi gharama ya kusubiri, kwa hiyo omba ripoti iwe pia na bei ya dakika amri ilipopokewa.

Ya pili ni nyeti zaidi, na huumiza kwenye masoko yenye biashara ndogo kuliko New York. Manunuzi yako mwenyewe yamo ndani ya VWAP. Tuseme wengine wote wameuziana hisa 60,000 kwa wastani wa 20.00, na dalali wako amekununulia 40,000 kwa wastani wa 20.50. VWAP ya siku ni 20.20. Ripoti itasema umekosa kipimo kwa 0.30, wakati ukweli ni kwamba umelipa 0.50 zaidi ya wengine. Ungenunua wewe peke yako siku nzima, tofauti ingekuwa sifuri hata kama bei uliisukuma mbali kiasi gani. Ondoa hisa zako kwanza: toa fedha zako kwenye jumla ya fedha, toa hisa zako kwenye jumla ya hisa, kisha gawanya upya.

Jambo hili linagusa Nairobi moja kwa moja, kwa sababu kwenye soko la hisa la huko bei ya kufunga ya siku hutokana na wastani uliopimwa kwa ujazo, si bei ya muamala wa mwisho. Mteja akiuliza kwa nini muamala wa mwisho alioushuhudia ni 14.50 na bei ya kufunga imechapishwa 14.20, mara nyingi jibu ni hilo. Na kwa hisa inayouzwa kidogo, mnunuzi mmoja mkubwa ameitengeneza sehemu kubwa ya bei hiyo ya kufunga kwa mkono wake. Kabla ya kumsifu au kumlaumu dalali, tafuta kwanza ujazo wa siku na sehemu yako ndani yake. Ikizidi robo, VWAP ya siku peke yake haitoshi kuwa shahidi, na ripoti ya haki itakuwa na namba tatu kando kwa kando: bei uliyopata, VWAP ya wengine bila wewe, na bei ya wakati amri yako ilipofika.